Moto Chini ya Kiti cha Dereva

Abiria anayependa kiti cha mbele kwenye Hiace anajua jambo ambalo wenzake wa nyuma hawalijui: mahali pale pana joto. Safari ikifika nusu saa, kiti kinakuwa kama kimetandikwa juu ya jiko lililofunikwa majivu. Wala hajidanganyi. Injini iko chini yake.

Kwenye gari dogo la kawaida, injini hukaa mbele chini ya boneti, na kati yake na watu kuna ukuta wa bati. Hiace nyingi zinazobeba abiria Tanzania na Kenya, zile za umbo la zamani na zile zilizoanza kutoka mwaka 2004, hazikuundwa hivyo. Fundi akitaka kuitazama injini haendi mbele ya gari. Anafungua kifungio, anainua kiti, na injini anaikuta pale, ndani ya chumba kilekile wanamoketi abiria. Siku za kawaida hilo ni kero ya joto tu. Siku ya moto, moshi hauna haja ya kutafuta njia ya kuwafikia watu.

Moto wa namna hii kwa kawaida una historia. Mpira wa mafuta umekaa kwenye joto miaka mingi, umekakamaa, umeanza kupasuka nyufa ndogo. Au ulishabadilishwa, ila fundi alikosa mpira wenyewe akafunga wa maji, akaukaza kwa waya. Mafuta yanaanza kuvuja, tone baada ya tone au kwa kunyunyiza kama manyunyu, na chini yake kuna ekzosi iliyopata moto.

Hapa kuna imani moja inayowaponza madereva. Wengi husema dizeli haina hatari kwa kuwa ukitumbukiza njiti ya kiberiti ndani yake, njiti inazimika. Ni kweli kwamba dizeli baridi haishiki kwa njiti kirahisi kama petroli. Lakini ikidondokea chuma cha moto, mambo yanageuka: dizeli hujiwasha yenyewe, bila cheche, kwenye nyuzi joto mia mbili na kitu za Selsiasi, na petroli kwa kawaida huhitaji chuma cha moto zaidi ya hapo. Injini ikitoka kupanda mlima ikiwa imejaza, sehemu ya ekzosi iliyo karibu nayo hupita kiwango hicho bila shida.

Chanzo cha pili ni nyaya. Gari lilitoka kiwandani na nyaya za kutosha kazi zake. Mwenye gari akaongeza redio kubwa, taa za rangi na sehemu ya kuchajia simu kwa kila kiti. Fyuzi ikaanza kuungua kila wiki, mtu akachoka kununua, akachomeka kipande cha waya mahali pake. Fyuzi kazi yake ni kuungua ili waya usiungue. Ikiondolewa, unaoungua ni waya wenyewe, na plastiki yake hutoa harufu kali ya kuchoma pua dakika kadhaa kabla mwali haujaonekana.

Kuna pia moto unaoanzia kwenye gurudumu, ambao dereva ndiye wa mwisho kuujua. Mfano wake ulio wazi zaidi ulitokea Marekani alfajiri ya Septemba 23, 2005. Basi lilikuwa limebeba abiria 44, wazee kutoka nyumba ya kutunzia wazee pamoja na wauguzi wao, wakihamishwa kukimbia kimbunga Rita. Karibu na mji wa Wilmer, Texas, mwenye gari jingine aliona habu ya gurudumu la nyuma imewiva nyekundu, akamwashiria dereva, naye akaegesha. Beringi ya gurudumu lile ilikuwa imekaukiwa kilainishi; ikasagika, ikapata moto, tairi likashika. Wazee wengi hawakuweza kutembea bila kusaidiwa. Watu 23 walikufia humo. Dereva wa Hiace hana habari na basi la Texas, lakini anaijua breki inayoshika na mkono breki usioachia. Ni njia ileile: chuma kinasuguana, tairi linapata joto, kisha moshi.

Tuchukue safari ya kufikirika. Hiace imetoka Moshi kwenda Arusha, imeshapita Boma Ng'ombe. Ndani kuna watu 16 ukiacha dereva na konda, pamoja na watoto wawili wa kupakatwa. Nje ni nyika, nyasi zimekauka, upepo unavuma. Mama wa kiti cha mbele ananusa kitu.

"Dereva, mwanangu, huku kuna kitu kinaungua."

"Breki hizo, mama, usijali."

Jibu hilo ndilo linalokula muda. Dereva mzoefu hajibu kwa mdomo. Anatazama kipimo cha joto, anatazama vioo vya pembeni kama kuna moshi unaomfuata, na anaanza kupunguza mwendo. Kama ni maji ya radieta yanayochemka, kinachotoka ni mvuke: mweupe, wenye unyevu, unapotea hewani haraka, na sindano ya joto imepanda juu. Moshi wa kitu kinachoungua ni wa kijivu au mweusi, unaning'inia, unawasha macho na koo. Akiwa na shaka, anasimama. Kusimama bure kunamgharimu dakika 5 na manung'uniko ya abiria.

Namna ya kusimama ina mpangilio wake. Anatoa mguu kwenye mafuta, anawasha indiketa ya kushoto, anazima feni inayopuliza hewa ndani, anasogea pembeni huku akikanyaga breki kwa utulivu. Hazimi injini gari likiwa bado linakwenda, hata kama kila abiria anapiga kelele azime. Ukizima katika mwendo, usukani unakuwa mzito, breki inabaki na nguvu ya mikanyago michache tu, na ufunguo ukizungushwa kupita kiasi usukani unaweza kujifunga kabisa. Gari linalowaka likiingia korongoni linakuwa na ajali mbili.

Kama muda upo, mahali pa kusimama pachaguliwe kwa jicho la abiria. Mlango wa kuvuta wa Hiace uko kushoto, na ndio utakaopitisha karibu watu wote. Dereva akijibana kwenye kingo za chuma au kwenye ukuta wa udongo, amewafungia. Aache nafasi ya mtu kushuka na kupita, mita moja na nusu hivi. Mteremko nao una hila yake: mlango ule hufunguka kwa kurudi nyuma, hivyo pua ya gari ikiinama, mlango usionasa vizuri huteleza wenyewe na kujifunga usoni mwa anayeshuka. Nyasi kavu ndefu zikwepwe, kwa sababu ekzosi peke yake inatosha kuziwasha na abiria watakuta moto mbele na nyuma. Kituo cha mafuta kikwepwe, mabanda ya wafanyabiashara pia.

Lakini kama mwali umeshaonekana, hakuna tena kuchagua. Asimame hapo hapo, nje ya lami. Kuna madereva waliokazana kufika mtoni au mjini wakidhani maji yatawasaidia, kumbe upepo wa mwendo unauchochea moto kama mfua chuma anavyovukuta.

Gari likishasimama, mkono breki unavutwa, ufunguo unazimwa, taa za tahadhari zinawashwa. Kuzima ufunguo kunakata mafuta: pampu ya umeme ya injini ya petroli inasimama, na injini ya dizeli inafungiwa njia yake. Kama kilichokuwa kikilisha moto ni mpira uliopasuka, hapo umenyimwa chakula. Ufunguo ubaki kwenye gari, waokoaji wanaweza kuuhitaji. Na kiti kisiinuliwe. Hilo ni kosa linalovuta mkono wa kila fundi na kila dereva: kuinua ili aone. Chini ya kiti moto una mafuta na joto lakini unabanwa hewa. Kikiinuliwa, hewa inaingia kwa mkupuo na mwali unaruka juu, usoni mwa aliyeinua, ndani ya chumba chenye watu. Kwenye gari la boneti, kanuni ni hiyo hiyo.

Sasa zamu ni ya konda. Anafungua mlango, anashuka yeye kwanza, na anasimama kando ya mlango, si mbele yake. Kazi yake ni kuhakikisha mlango umenasa, kukunja viti vya njiani na kupokea watoto. Wa karibu na mlango ndio wanaoanza. Heshima ya kumpisha mzee aliye kiti cha nyuma, nzuri siku nyingine zote, hapa inaziba njia. Wa mbele wana mlango wao. Dereva akishukia upande wake, atazame kioo kwanza, maana anakanyagia barabarani.

Hesabu ni fupi. Kila mtu akitumia sekunde 2 mlangoni, watu 16 wanatoka katika nusu dakika. Mmoja akigeuka kuvuta begi chini ya kiti na kutumia sekunde 10, amekula nafasi ya watu watano waliobaki nyuma yake. Nusu dakika si nyingi, lakini wenye moto hawana hata hiyo ya kuchezea, kwani godoro la viti likishika hutoa moshi mweusi wenye sumu, ikiwemo hewa ya ukaa aina ya monoksidi. Mtu huzimia kabla moto haujamgusa. Ndiyo maana waliobaki ndani huambiwa wainame na kuziba pua kwa nguo, kwa sababu hewa iliyo safi kidogo hukaa chini.

Jinsi njia moja inavyoweza kuwaponza watu wengi ilionekana usiku wa Mei 14, 1988, karibu na Carrollton, Kentucky, Marekani. Basi la kanisa, ambalo zamani lilikuwa la shule, lilikuwa likiwarudisha vijana kutoka kwenye bustani ya michezo. Ndani walikuwa watu 67. Dereva mlevi wa pikapu, akiwa upande usio wake wa barabara kuu, akaligonga uso kwa uso. Mgongano wenyewe haukuwaua waliokuwa kwenye basi. Lakini uliikata springi ya mbele, ikasukumwa nyuma na kutoboa tangi la petroli lililokuwa jirani na mlango. Moto ukaanzia pale pale kwenye mlango wa mbele, na mlango wenyewe ulikuwa umebanwa.

Ukabaki mlango wa nyuma. Njia kati ya viti ilikuwa nyembamba, kiasi cha upana wa rula ya shule, na karibu na mlango ule lilikuwa limewekwa boksi la kuhifadhia vinywaji baridi. Watoto walirundikana hapo wakisukumana gizani na moshini, huku walioko nje wakiwavuta mmoja mmoja. Arobaini walitoka. Ishirini na saba hawakutoka. Baada ya hapo jimbo la Kentucky liliyataka mabasi yake ya shule yawe na milango zaidi ya dharura na tangi lililozungushiwa kinga ya chuma, na yatumie dizeli.

Boksi la vinywaji la Carrollton linafanana na gunia la vitunguu la safari zetu. Hiace haina hata mlango wa nyuma wa kutegemea: ule unaofunguka kwenda juu mara nyingi hufunguliwa kwa nje tu, na ndani umezibwa na kiti cha mwisho na mizigo. Kwa hiyo mtu wa nje ndiye wa kukumbuka kuufungua, kama moto uko mbele. Waliokwama ndani wanabaki na vioo vya pembeni. Kioo cha pembeni hupasuka vipande vidogo vidogo kikigongwa kwa kitu chenye ncha ya chuma kwenye kona, si katikati ambako kinapinda na kurudisha pigo. Kioo kikubwa cha mbele kimeunganishwa kwa utando. Kinapasuka nyufa lakini hakidondoki, na kukishambulia ni kupoteza nguvu.

Baada ya kugongana, vioo ndivyo huwa njia pekee, kwa kuwa mabati yaliyojikunja hushika milango. Juni 28, 2025, basi kubwa na basi dogo yaligongana Same, mkoani Kilimanjaro, na yote mawili yakateketea. Taarifa za mwanzo zilitaja vifo 38, na sehemu kubwa ya miili iliungua kiasi cha kutotambulika kwa macho.

Turudi pale nyikani baada ya Boma Ng'ombe. Wote 16 wameshuka, watoto wote wawili wako mikononi. Jambo ambalo karibu kila kundi hufanya hapo ni kusimama hatua tano kutoka kwenye gari na kutoa simu kupiga picha. Konda asikubali. Awapeleke angalau mita 30, ambazo ni kama hatua 40 za mtu mzima, upande upepo unakotokea, ng'ambo ya mtaro, mbali na lami. Kusimama nyuma au mbele ya gari kwenye mstari wake ni kubaya zaidi kuliko kusimama ubavuni. Gari halilipuki kama la sinema, lakini vitu vyake vinalipuka kimoja kimoja: tairi hupasuka kwa kishindo, na vile vyuma vya gesi vinavyoshikilia mlango wa nyuma vikipata joto huweza kufyatuka kama mshale kuelekea nyuma. Kama kuna mtungi wa gesi ya kupikia au dumu la petroli kwenye mizigo, mwenye mali aseme, bila haya, na umbali uongezwe sana.

Huko mbali ndiko wanakohesabiwa. Konda anajua amekusanya nauli ngapi. Hesabu hiyo inamtosha. Mtu mmoja mwenye nguo ya rangi kali arudi nyuma kandokando ya barabara kuwaonya wanaokuja, kwa sababu moshi ukitanda juu ya lami dereva anayefuata haoni watu.

Kisha wanakuja watazamaji. Kila mtu Tanzania anakumbuka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja na madumu kuchota petroli iliyomwagika, moto ukalipuka wakiwa katikati yake. Waliokufa walipita 100. Hiace haina mafuta mengi hivyo, lakini petroli inayotiririka chini ya gari hufuata mteremko, na mvuke wake hauonekani. Bodaboda anayesogea na injini inanguruma anapeleka cheche mahali ambapo pengine hata mwali haujafika.

Na mtungi wa kuzimia moto? Unatakiwa uwepo, na mara nyingi upo, chini ya kiti cha mwisho, umefunikwa na jeki na tairi la akiba. Mahali pake ni karibu na dereva, anapoufikia bila kuinama kwenye moshi. Mtungi mdogo wa unga, wa kilo 1, humwaga kwa sekunde 10 hivi tu, kwa hiyo hakuna nafasi ya kujifunzia. Unga hushindiliwa chini kwa mtikisiko wa barabara; utikiswe au upinduliwe kabla pini haijachomolewa. Mtumiaji anasimama upepo ukiwa mgongoni na njia ya kukimbilia ikiwa wazi, akilenga shina la moto na si ndimi zake. Kwenye Hiace anapuliza kutokea chini ya gari au kwenye upenyo wowote wa karibu na kiti, bila kukiinua. Kwenye gari la boneti anapitishia kwenye grili ya mbele, au boneti ikiwa imefyatuka kidogo tu, kiasi cha kuingiza mdomo wa mtungi.

Haya yote yanafanywa baada ya abiria kwenda mbali, na moto ukiwa bado mdogo. Mtungi mmoja ukiisha na moto haujafa, kazi ya kuzima imekwisha. Maji ya chupa yakimwagwa juu ya petroli inayowaka huitawanya. Mchanga mkavu unafaa kwa mafuta yaliyomwagika chini, lakini haufiki kwenye injini.

Namba ya Zimamoto Tanzania ni 114, na anayepiga awe ni mmoja aliyeteuliwa kwa jina, vinginevyo kila mtu hudhani mwenzake ameshapiga. Aseme barabara ipi, amepita mji gani akielekea wapi, gari ni la aina gani, na kama kuna mtu bado ndani au aliyeungua. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala yai wala asali. Ambaye nguo zake zimeshika alazwe chini abingirishwe, akikimbia, anajipepea.

Moto ukishazimika, abiria huanza kunyemelea mabegi yao. Hapo konda ana kazi ya mwisho na ngumu kuliko zote. Godoro la kiti huendelea kufuka ndani kwa ndani, tairi lililowaka huwaka tena likionekana limepoa, na betri ambayo haijakatwa bado inaweza kutoa cheche kwenye nyaya zilizovuliwa plastiki. Askari wa Zimamoto humwaga maji juu ya mabaki kwa muda ambao watazamaji huuona kama kupoteza maji, kisha hukata betri, ndipo huruhusu gari la kukokota lisogee. Hata huko yadi, Hiace hiyo haiegeshwi ubavuni mwa magari mengine usiku wa kwanza.